Mdogo wangu anasikia sauti, wengine wanasema ni sonona, na dawa aliyopewa imempinda shingo. Mwenye uelewa naomba msaada

Nuru_Singida
Habari zenu wakuu. Mnivumilie nitaandika kirefu kidogo. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, yuko chuo mwaka wa pili. Toka amerudi likizo amekuwa mtu wa kujifungia ndani, kuoga mpaka asukumwe, chakula anakula kidogo, rafiki zake hawapokelei simu. Tukasema ni stresi za mitihani, shangazi akasema hiyo ni sonona kabisa maana alishasikia wanaielezea redioni na dalili ni hizohizo.

Sasa wiki iliyopita mambo yakageuka. Akaanza kusema jirani wa ukuta wa pili akikohoa anampa ishara. Simu yake akaizungushia kanga ya mama, akaitia kwenye sufuria na kufunika na mfuniko, eti kuna watu wawili wanamsema humo ndani, mwanaume na mwanamke. Nikamwambia labda unasikia redio ya jirani, akaniangalia kwa huruma kabisa kama vile mimi ndiye nisiyejua kinachoendelea.

Tukampeleka hospitali, wakampima malaria na vipimo vingine vya damu, havikuonyesha kitu, wakamwandikia haloperidoli ya miligramu 5 asubuhi na jioni pamoja na benzheksoli. Hiyo benzheksoli dirishani wakasema imeisha tukanunue nje, na maduka ya huku kwetu hakuna. Leo ni siku ya tatu, saa moja iliyopita shingo imepinda kushoto ikakaza hivyohivyo, macho yamepanda juu, ulimi mzito anaongea kama amelewa ila anatusikia na anajielewa. Mama analia anasema dawa zinamuua, baba mdogo anasema jini limekasirika kwa kuchomwa na dawa, mjomba anataka dawa zitupwe. Naombeni kujua hii ni sonona au nini, na dawa gani hii inayompinda mtu shingo?

Mzee_Kidevu
Pole sana binti. Vijana wa sasa sonona imewazidi kwa ajili ya masimu na kukesha. Mpelekeni kijijini akapumzike akae na babu yake, alime kidogo, ale matunda, mawazo yatapungua tu. Mpwa wangu naye alikuwa hivyo baada ya kuachwa na mchumba na sasa hivi mzima kabisa.

Kipimajoto
Mzee wangu shikamoo, ila huyu wa Nuru si wa kupelekwa shambani.

Dada Nuru, maelezo nitakuja nayo baadaye, sasa hivi beba kijana mrudi hospitali usiku huuhuu na msisubiri kuche. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hii nimeiona wodini mara nyingi mno. Hilo si jini wala hajafikia kufa, ni misuli imekazwa na haloperidoli, hutokea zaidi kwa vijana wa kiume na hutokea siku za mwanzo hizihizi. Wana sindano ya kuifungua, ikiwemo prometazini ambayo vituo vingi wanayo. Mkifika semeni neno moja tu, kwamba ameanza haloperidoli juzi na benzheksoli hakuipata, atakayekuwepo zamu ataelewa. Kinachofanya nikuharakishe ni kwamba ikihamia kooni mtu anashindwa kumeza na hata kupumua. Na mshike paji la uso, kama ana homa kali na mwili mzima umekauka kama gogo na anaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari nyingine kubwa zaidi, mwambieni daktari hapohapo mlangoni.

Chuma_cha_Reli
Mimi nimesoma sana haya mambo niwafafanulie kwa kifupi. Ubongo una kemikali, sonona serotonini imepungua, wasiwasi adrenalini imezidi, saikosisi, yaani huko kusikia sauti na kuona kila kitu ni ishara, dopamini imezidi. Kwa hiyo kila mmoja anapewa dawa ya kurekebisha kemikali yake basi. Mpeleke maabara kubwa wampime kiwango cha dopamini kwenye damu, mtajua moja kwa moja kama ni saikosisi au ni sonona, badala ya kubahatisha na vidonge.

Zuhura_wa_Tanga
Jamani nimesoma huu uzi mwili wote unatetemeka. Mimi nikiwa kwenye daladala nahisi watu wote wananiangalia na kunisema, moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, nashuka hata kituo si changu. Na usiku nikitaka kusinzia mara nasikia mtu ameniita jina langu nikishtuka hakuna mtu. Niliambiwa nina wasiwasi uliopitiliza, sasa je na mimi naelekea huko kwa huyo kaka? Mnijibu jamani silali leo.

Nuru_Singida
Tumerudi. Wamemchoma prometazini, haikupita nusu saa shingo ikaanza kulegea yenyewe, macho yakashuka, akaomba maji akanywa. Mama ameona kwa macho yake mwenyewe sasa ametulia, baba mdogo kakaa kimya. Daktari wa zamu kasema kwa sasa apewe nusu kidonge usiku tu, yaani miligramu 2 na nusu kwa siku badala ya 10, na benzheksoli tumepewa. Asante sana Kipimajoto, Mungu akubariki. Ila ndo nazidi kuchanganyikiwa, kama ugonjwa ni mkubwa kiasi kile mbona dozi inashushwa hadi robo, si atarudi kule kwenye masauti?

Kipimajoto
Alhamdulillah. Sasa niandike taratibu maana maswali ni mengi, nianze na Zuhura asije akakesha.

Mdogo wangu Zuhura, kwa ulivyoandika, wewe unahisi watu wanakuangalia na wakati huohuo unajua kuna uwezekano hawakuangalii, ndiyo maana umeuliza. Ukishuka kwenye gari unajiambia mbona nimeogopa bure. Mtu mwenye wasiwasi anaogopa kitu kinachoweza kutokea, anaweza kuaibika au kuzimia au kufa, na ukimkalisha ukamuuliza je inawezekana umekosea atakwambia ndiyo inawezekana ila moyo haukubali. Kijana wa Nuru ukimuuliza swali hilohilo hana shaka hata chembe, kikohozi cha jirani ni ujumbe wake yeye na haina mjadala, anayeshangaza ni wewe usiyeuona. Na hiyo sauti ya kuitwa jina ukiwa unasinzia, watu wengi wazima kabisa huisikia, ubongo unakuwa nusu umeshaingia ndotoni. Sauti za ugonjwa zinakuja mchana kweupe macho makavu, tena mara nyingi zinaongea sentensi nzima na zinajadiliana. Endelea na kliniki yako ya wasiwasi dada.

Sonona nayo iko pembeni. Mtu wa sonona ulimwengu anauona uleule tunaouona sisi ila umemwelemea, anajilaumu, hana hamu, usingizi unakatika saa tisa usiku, anafika pa kutamani kufa, na hali hiyo inadumu angalau wiki mbili mfululizo. Haoni ishara kwenye kikohozi. Lakini hapa msije mkachora mstari wa rula, kwa sababu sonona ikizidi sana inaweza kuja na sauti pia, na hizo huwa zinafuata huzuni ileile, zinamwambia huna maana, umeoza, umefilisi familia. Huyo anahitaji dawa za aina zote mbili, ya sonona na ya sauti. Kwa hiyo tukisikia tu "ana sauti" hatusemi ni hivi au vile mpaka tujue ilianza nini na sauti zinasema nini.

Chuma, hakuna maabara ya kupima dopamini ya saikosisi kwenye damu, tusimpotezee Nuru nauli. Vipimo alivyofanyiwa vilikuwa vya kutafuta mambo mengine yanayoweza kumvuruga mtu akili, kama malaria iliyopanda kichwani, kaswende, Virusi vya Ukimwi, na bangi pia lazima aulizwe. Umegusa ukweli kwenye dopamini, ila ile ya "sonona ni serotonini pungufu" imeimbwa miaka na ushahidi wake ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, ingawa dawa zenyewe zinasaidia wengi.

Chuma_cha_Reli
Sawa mkuu wa wodi nimekubali ya maabara. Ila hiyo dopamini inajulikanaje kama haipimiki sasa?

Kipimajoto
Ilijulikana kupitia dawa zenyewe. Dawa ilianza kutumika kabla mtu yeyote hajajua inafanya nini. Mwaka 1952 Paris, hospitali ya Sainte-Anne, madaktari wawili Delay na Deniker waliwapa wagonjwa klopromazini, ile wazee wetu wanaijua kama laragaktili, watu waliokuwa wakipiga kelele miaka wakaanza kutulia na kuongea. Miaka kumi na moja baadaye, 1963, Msweden Arvid Carlsson na mwenzake wakaona kwenye panya kwamba klopromazini na haloperidoli zinagusa mfumo wa dopamini, wakahisi zinaziba vipokezi, yaani vile vitasa kwenye ubongo ambavyo dopamini inaingia ili ifanye kazi. Baadaye kwenye miaka ya 1970 ikaonekana kwamba dawa inayong'ang'ania kipokezi fulani cha dopamini, kinaitwa D2, kwa nguvu zaidi, ndiyo inayofanya kazi kwa dozi ndogo zaidi. Haloperidoli inashika kwa nguvu ndiyo maana ni miligramu chache, klopromazini inashika kwa ulegevu ndiyo maana utaona watu wanameza mia na mia mbili. Na upande wa pili, ukimpa mtu amfetamini nyingi, ambayo inamwaga dopamini, anaweza kuanza kusikia sauti na kushuku watu. Hata mgonjwa wa Pakinsoni anayepewa dawa ya kumwongezea dopamini wakati mwingine anaanza kuona watu chumbani.

Sasa swali la Nuru, na hili ndilo nataka lieleweke vizuri kwa sababu linaumiza watu wengi. Dopamini kwenye ubongo haina kazi moja. Kuna njia inayoshughulika na kupa vitu uzito, yaani inakwambia hiki ni cha muhimu kigeukie, na kuna njia nyingine inayolainisha misuli mwili usogee bila kukakamaa. Kwenye saikosisi ile ya kwanza inawaka ovyo, kikohozi cha jirani kinapewa uzito ambao hakina, mtu anabaki na kitu kizito mkononi kisicho na maelezo, basi akili inatunga maelezo, ndo unasikia wananifuatilia. Haloperidoli inaingia kwenye kipokezi kama ufunguo unaoingia kitasani ukagoma kuzunguka, mlango haufunguki na dopamini yenyewe haina pa kuingia. Shida ni kwamba haichagui njia, kidonge kimoja kinaziba vyote, vya kule kwenye uzito na vya huku kwenye misuli.

Je, uzibe kiasi gani? Mwaka 2000 kule Toronto, Shitij Kapur na wenzake walichukua wagonjwa 22 wa mara ya kwanza kama mdogo wako, wakawapa haloperidoli miligramu 1 au 2 na nusu tu kwa siku, kisha wakawapiga picha za ubongo zinazoonyesha vipokezi vingapi vimezibwa. Waliopata nafuu wengi walikuwa wamezibwa zaidi ya asilimia 65. Ikipita 72 homoni ya maziwa inapanda, ndo unaona dada anakosa siku zake au kijana matiti yanamuuma. Ikipita 78 misuli inaanza kukaza na kutetemeka. Umeona nafasi ilivyo finyu, kutoka 65 mpaka 78! Na kwa haloperidoli miligramu chache tu zinakufikisha hapo. Kwa hiyo miligramu 10 kwa kijana ambaye mwili wake haujawahi kuonja hiyo dawa, zilikuwa zimeshapita huko juu. Kushusha si kupunguza tiba, ni kumrudisha ndani ya ile nafasi. Sisemi kila mtu atulizwe na 2 na nusu, wapo wanaohitaji zaidi, lakini unaanzia chini unapanda, huanzii juu.

Bi_Mkubwa_Kigoma
Na hiyo benzheksoli je? Mwanangu anapewa miaka yote, akiikosa anaweweseka. Nasikia vijana mtaani wanainunua kulewea.

Kipimajoto
Shikamoo mama. Hiyo haitibu sauti, kazi yake ni kulainisha misuli. Inasaidia sana wiki za mwanzo ila kuimeza miaka inakausha mdomo, inafunga choo, inapunguza kumbukumbu, na ndiyo, watu wanailewea. Muulize daktari wake kama bado anaihitaji, na ikikatwa ikatwe polepole. Usiikate mwenyewe nyumbani.

Mtulivu_wa_Ziwani
Mimi ni mtumiaji, naongea kutoka ndani. Saikosisi ilinikuta nikiwa fundi wa injini za boti, saivi niko kwenye sindano ya flufenazini kila mwezi. Nataka Nuru ajue kitu ambacho dawa haifanyi. Haikufuti unachoamini. Mimi nilikuwa naamini wavuvi wa upande wa pili wameniwekea kitu kwenye jenereta kinachosoma mawazo. Baada ya dawa sikuamka siku moja nikasema aah kumbe ulikuwa uongo. Kilichotokea ni kwamba jenereta likawa jenereta tu, likiwaka haliniiti tena, siligeukii. Nikiulizwa nilikuwa najibu "siku hizi wameacha", nikimaanisha walikuwepo ila wameacha. Ilichukua miezi mpaka nikaanza kusema labda hawakuwepo. Kwa hiyo asipokiri haraka msimgombeze mkidhani dawa haifanyi kazi.

Na la pili, ni kweli vitu vibaya vilipoteza uzito ila na vizuri vikapotea. Muziki naupenda toka mtoto, nikawa nasikia ni kelele za kawaida. Mpira siufuati. Mke wangu akasema umepata sonona juu ya ugonjwa. Mpaka leo sijui ilikuwa ugonjwa, sonona au sindano.

Kipimajoto
Ndugu yangu hapo umesema kitu ambacho hata sisi wodini tunabishana. Mtu aliyekaa kimya, hana hamu, haogi, anaweza kuwa na mambo matatu tofauti na kwa nje yanafanana. Ugonjwa wenyewe una upande wake wa kumzima mtu, na upande huo dawa hizi hazisaidii sana. Sonona inaweza kumpata baada ya kutambua kilichomkuta. Na dawa ikizidi inaziba hata raha. Ninachoangalia mimi ni kama anateseka na kujilaumu, huyo naelekea sonona, au kama imeanza baada ya dozi kupandishwa na uso umekuwa mgumu haukunji hata akicheka, huyo nashuku dawa. Lakini siyo kila mara naipata. Ndiyo maana hata kule kujifungia kwa mdogo wake Nuru kabla ya sauti, shangazi hakuwa na kosa kuona ni sonona, pale mwanzoni hata daktari angeweza kuona hivyo.

Zuhura_wa_Tanga
Asante kaka Kipimajoto nimelala jana. Nimeuliza tu, mbona basi na mimi wasinipe hiyo haloperidoli kidogo itulize wasiwasi?

Kipimajoto
Hapana. Kwako njia hiyo ya uzito haijaharibika, utapata madhara ya misuli bila faida inayoeleweka. Kaa na tiba uliyoanzishiwa.

Nuru_Singida
Nirudi na habari. Wiki ya pili sasa kwenye nusu kidonge. Simu ameitoa kwenye sufuria mwenyewe, kanga karudisha. Nikamuuliza wale watu vipi akajibu kama alivyosema Mtulivu hasa, "wapo mbali saivi". Analala. Ila kumezuka kitu kingine, hakai. Anakaa dakika moja anainuka, anazunguka uani, akisimama anabadilisha mguu huu na huu kama anakanyaga moto, anasema ndani ya miguu kuna kitu kinamsukuma. Mjomba anasema ugonjwa unarudi tumwongezee dawa.

Chuma_cha_Reli
Mjomba ana hoja, akianza kuhangaika ni dalili ya saikosisi kupanda, rudisheni dozi ya zamani haraka.

Kipimajoto
Chuma hapana, na naomba hili msilifanye. Hebu soma alivyoandika, analala, sauti zimeenda mbali, na analalamika miguu. Mtu ugonjwa ukimpanda anahangaika kwa sababu ya wale watu, atakwambia wanakuja, hakwambii miguu inanisukuma. Hii ni dawa inamfanya hivyo. Ukimwongezea inazidi, akizidi mnaongeza tena, nimeona watu wamefika kwenye dozi kubwa kwa mzunguko huo na wengine wakataka kujiua kwa mateso ya miguu tu. Mrudishe kwa daktari umwambie maneno yaleyale uliyoandika hapa. Anaweza kumshusha kidogo, au kumpa propranololi, au kumhamishia risperidoni dozi ndogo au olanzapini ambayo haisumbui sana misuli ila inanenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo atapimwa uzito na sukari. Kabla ya propranololi mwambieni kama ana pumu.

Bi_Mkubwa_Kigoma
Na atameza mpaka lini huyu mtoto? Wa kwangu ni maisha.

Mtulivu_wa_Ziwani
Mimi niliambiwa maisha. Mwenzangu wa kliniki aliacha, alikaa vizuri miezi kadhaa akatucheka tunaochomwa, kisha ikarudi kwa nguvu kuliko ya kwanza.

Kipimajoto
Kwa mara ya kwanza wengi wetu tunashauri angalau mwaka mmoja mpaka miwili baada ya kupona, halafu kama mnapunguza iwe polepole sana huku mkimwangalia. Vipokezi vikizibwa muda mrefu ubongo unaweza kuongeza vingine, ukifungulia ghafla dopamini inakuta milango mingi, ndiyo sababu mojawapo ya watu kuanguka vibaya wakikata kwa mkupuo. Nani ataweza kuacha kabisa na nani hawezi, siwezi kukuambia kwa kumwangalia usoni. Na wapo ambao dawa zote hizi za kuziba D2 haziwasaidii hata uzibe kiasi gani, hao hupewa klozapini, inayoziba kidogo kuliko haloperidoli na bado inawaponya baadhi yao, kwa kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Inafanyaje kazi hasa, huo ubishi bado unaendelea. Dopamini peke yake haimalizi habari.

Chuma_cha_Reli
Nuru, bangi umemuuliza?

Nuru_Singida
Nimemuuliza tukiwa wawili, amekubali alikuwa anavuta chuoni karibu kila siku. Kipimajoto kwa hiyo ndiyo chanzo?

Kipimajoto
Inaweza kuwa imechangia sana, hasa bangi kali ya kila siku. Kama ni bangi peke yake kawaida inatulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha, lakini baadhi ya wanaoanza hivyo baadaye hubaki na ugonjwa wenyewe. Mwambie daktari na mwambie kijana kwamba akirudia kuvuta juu ya dawa, mkono mmoja unaziba na mwingine unafungua. Kliniki lini?

Nuru_Singida
Alhamisi. Nimeandika kwenye karatasi: miguu, tarehe aliyoanza nusu kidonge, bangi, na kama ana pumu, hana. Mjomba nimemwonyesha huu uzi amesoma mpaka ile asilimia 78 akasema basi tusubiri Alhamisi.